Sauti Iliyomeza Miaka

Nilimpa tisa kwa ishirini. Kiukweli niliposahihisha ile karatasi nilisikitika, maana huyu binti ndiye aliyekuwa ananijibu kuliko wote pale kidato cha pili. Haoni tangu akiwa mdogo. Mtihani alisomewa na mwenzake, majibu akayasema na mimi mwenyewe nikayaandika. Sababu alizitaja zote, matokeo akayataja, hata mambo ambayo wenzake waliyasahau. Ila hakutaja mwaka hata mmoja. Swali lilisema wazi: eleza historia ya meli ya Liemba kwa kufuata tarehe.

Nilipomrudishia nikamuuliza, "Mbona tarehe hujaweka hata moja?"

Akanijibu kwa adabu tu, "Mwalimu, kwenye sauti uliyonipa hakukuwa na tarehe."

Niliona kama ananitafutia kisingizio. Zile nukuu nilizitayarisha mimi mwenyewe, kwa kompyuta yangu, sebuleni kwa bibi yangu Katubuka, na tarehe zilikuwemo tele. Basi jioni nikarudi nyumbani, nikafungua lile faili na kusikiliza. Sauti ilikuwa nzuri kabisa, laini, haina ule mkwaruzo wa roboti. Ikasema: "Meli hii ilijengwa mwaka kwa jina la..." Ikaendelea: "Ilizamishwa tarehe..." Halafu ikapita kama hakuna kitu. Haikusita wala kukohoa, haikuonyesha popote kwamba imeruka. Tarakimu zote zilikuwa zimemezwa.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzangu wa ualimu tunaokwenda fildi. Wengi wetu sasa tunageuza nukuu kuwa sauti kwa kompyuta, wengine kwa ajili ya wanafunzi wasioona, wengine kwa ajili yetu wenyewe tusikilize kwenye daladala. Nilichojifunza ni kwamba kuchagua sauti ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kuliandika upya andiko, kwa sababu karatasi iliandikwa kwa ajili ya macho.

Kwanza nieleze kwa nini miaka ilimezwa, maana nilihangaika siku mbili kujua. Modeli niliyoitumia ilikuwa ya bure, ya kupakua na kutumia bila mtandao, na nilifurahi kwa sababu ya bando. Modeli kama hizo hufundishwa kwa rekodi za mtu akisoma pamoja na maandishi ya kile anachosoma. Kama katika maandishi hayo namba zote ziliandikwa kwa maneno, basi modeli haijawahi kuiona tarakimu. Katika orodha yake ya herufi kuna a, b, ch na kuendelea, lakini 1 haimo, wala 9. Kitu kisichomo kwenye orodha hutupwa kabla sauti haijaanza kutengenezwa. Ndiyo maana haikukwama. Kwake yeye sentensi haikuwa na pengo lolote.

Sauti mbaya ungeigundua mapema. Hii ilikuwa nzuri, ndiyo maana niliiamini bila kuisikiliza mpaka mwisho.

Nikaanza upya, safari hii kwa kuchagua sauti vizuri. Kwa Kiswahili chaguo si kubwa, lakini lipo. Kwenye huduma za Microsoft kuna sauti mbili za Kitanzania, Daudi na Rehema, na mbili za Kikenya, Rafiki na Zuri. Kwenye skrini utaziona zimeandikwa `sw-TZ-DaudiNeural`, `sw-TZ-RehemaNeural`, `sw-KE-RafikiNeural` na `sw-KE-ZuriNeural`. Hizo zinataka mtandao. Kuna pia `eSpeak NG`, programu ndogo ya bure isiyohitaji mtandao. Sauti yake ni ya kiroboti waziwazi, na ndiyo inayokuja pamoja na kisoma skrini cha `NVDA`. Usiidharau. Pale chuoni kwetu kuna mwenzetu asiyeona anayeisikiliza kwa kasi ambayo mimi sishiki hata neno, na anasema sauti laini zikikimbizwa hivyo maneno yanaungana. Kwa hiyo swali si sauti ipi ni tamu. Swali ni nani atasikiliza, kwa chombo gani na kwa kasi gani.

Mwanafunzi wangu hasikilizi kwa kompyuta. Shuleni simu haziruhusiwi, na nyumbani ana redio ndogo ya kuchomeka memori kadi, ile ya spika moja. Redio hiyo haina kitufe cha kupunguza kasi, na kurudisha nyuma sekunde tano tu ni shughuli. Hayo mawili yaliamua mambo mengi. Kasi ilibidi niipange mimi wakati wa kutengeneza, na kila jambo muhimu lilipaswa kusikika vizuri mara ya kwanza.

Nikatunga sentensi moja ya majaribio nikaisomesha sauti zote tano. Sikuchukua sentensi nyepesi kama "Karibu sana", ambayo kila sauti inaiweza. Nilitaka yenye kila kitu kinachosumbua: "Mafundi 3 walifika Kigoma na ng'ombe 2 kabla ya 26/7/1916, je, Livingstone aliwaona?" Haina maana yoyote kihistoria, ila ndani yake kuna idadi ya watu, tarehe, jina la kigeni, ng' yenye kibainishi na swali. Faili nikazipa namba 1 hadi 5 bila majina, nikaziweka kwenye kadi yake, tukasikiliza kwa redio ileile. Sikumuuliza ipi ni nzuri. Nilimwomba arudie alichosikia. Mtu akiulizwa uzuri huchagua sauti inayombembeleza, lakini akiambiwa arudie, kosa linajitokeza lenyewe. Alirudia sawasawa zaidi sauti ya Rehema ikiwa imepunguzwa kasi kwa asilimia 10, hata mvua ilipoanza kugonga mabati. Tukakubaliana hiyo.

Baada ya hapo nikarudi kwenye maandishi. Aya yangu ya mwanzo ilikuwa hivi:

"MV Liemba (zamani Graf von Goetzen) ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913. Ilifunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Kigoma, ambako mafundi 3 wa Kijerumani walisimamia kuiunda upya. Ilishushwa majini 1915. Wakati wa Vita Kuu ya I (1914–1918) Wajerumani wenyewe waliizamisha 26/7/1916. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 16/5/1927."

Kwa jicho haina shida. Sasa isome kwa sauti ukijifanya hujui Kiswahili, unajua herufi tu. Utakwama kila baada ya maneno manne.

Nilianza na namba. Hata sauti inayozijua tarakimu haijui kila mara namba hiyo ni ya kitu gani, na Kiswahili kinadai upatanisho. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika kufuata ngeli, na sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo "mafundi 3" mashine inaweza kuisema "mafundi tatu", na hapo mwanafunzi anasikia Kiswahili cha mgeni. Dawa ni kuandika mwenyewe: mafundi watatu, vitabu viwili, miaka minane. Alama ya mkato katika 5,000 nayo inaweza kugeuka pumziko, ukasikia "tano" halafu kimya. Andika elfu tano. Ile "ya I" ni herufi i tu kwa mashine, basi andika ya Kwanza. Kistari cha 1914–1918 hakina sauti, kwa hiyo weka "kuanzia" na "hadi". Saa ni vilevile: ukiandika 10:30 huenda ukasikia "kumi thelathini", kumbe ulitaka saa nne na nusu asubuhi. Hilo mashine haiwezi kulikisia, kwa sababu haijui kama umeandika saa ya Kizungu au ya Kiswahili. Tena angalia vifupisho. Kwenye nukuu zangu "k.m." ilimaanisha kwa mfano na "km" ilimaanisha kilomita, na zile nukta za "k.m." zinaweza kuikata sentensi katikati. Vyote niliviandika kwa urefu.

Ila kuandika miaka kwa maneno kulileta shida nyingine. "Elfu moja mia tisa kumi na tano" na "elfu moja mia tisa kumi na sita" ni maneno saba yanayotofautiana mwishoni tu. Macho yanaitambua 1915 mara moja, lakini sikio linasubiri mpaka neno la mwisho, na kama sentensi inaendelea, hilo neno linafunikwa. Nikajifunza kuuweka mwaka mwishoni mwa sentensi, ili nukta iupe nafasi. Na pale miaka miwili inapokaribiana, naongeza umbali wake: "mwaka uliofuata", "miaka minane baadaye". Akipotewa na tarakimu, bado ana kamba ya kushika.

Kisha majina. Majina yetu ya Kigoma hayakunisumbua sana. Mwandiga, Kibirizi, Bangwe, Buzebazeba, yote yanasomeka kama yalivyoandikwa na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyotaka. Shida ni ya wageni. Sauti ya Kiswahili ikikutana na Livingstone inaweza kutamka kila irabu, mpaka ile e ya mwisho, ukasikia "Livingistone". Speke inakuwa kama jina la samaki. Goetzen ndiyo usiseme. Kwa hiyo niliandika kama yanavyotamkwa: Livingistoni, Spiki, Getsen. Ukiyaona kwenye karatasi yanachekesha, lakini ile karatasi hakuna wa kuisoma isipokuwa mashine. Kama huduma unayotumia inakubali maandishi ya SSML, unaweza kuacha jina lilivyo na kuweka matamshi pembeni, na muda wa kupumzika ukaupanga mwenyewe:

```
<sub alias="Livingistoni">Livingstone</sub>
<break time="600ms"/>
```

Hiyo 600ms ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kama huduma yako haikubali, andika tu jina kwa matamshi na utumie nukta.

Tahajia nayo isipotee. Mwanafunzi atatakiwa kuandika Livingstone kwenye mtihani wa taifa, si Livingistoni. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila faili niliweka orodha fupi: jina, halafu herufi zake moja moja, kila herufi ikifuatwa na alama ya mkato. Majina manne au matano kwa somo yanatosha.

Kuna kijidudu kingine kidogo, kile kibainishi cha ng'. Programu nyingi za kuandikia hukigeuza kuwa alama iliyopinda bila kukuuliza. Kwako wewe ni kilekile. Kwa baadhi ya sauti ni alama nyingine kabisa, na ng'ombe anageuka "ngombe" au anakatwa vipande viwili. Kabla ya kutengeneza sauti natafuta alama zote zilizopinda na kuziweka zile zilizonyooka.

Mapumziko ndiyo yaliyonichukua muda kuliko vyote. Sauti inapumzika palipo na alama, basi. Kichwa cha habari kwenye karatasi kina wino mzito na nafasi chini yake, lakini hakina nukta, kwa hiyo kinaungana na sentensi inayofuata: "Meli ya Liemba meli hii ilijengwa". Kila kichwa nikakipa nukta. Ukinakili kutoka PDF kinyume chake hutokea: kila mwisho wa mstari unaweza kuwa pumziko, sauti ikakata pumzi katikati ya neno na mwenzake. Hiyo mistari iunganishe kwanza. Na mabano hayana sauti. Uliloficha ndani ya mabano litasomwa kwa pumzi moja na la nje, kwa hiyo litoe, ulipe sentensi yake. Maswali nayo, kwa Kiswahili, mara nyingi yanatofautiana na maelezo kwa kupandisha sauti tu: "Meli ilizama" na "Meli ilizama?" Sauti za kompyuta hazipandishi kila mara. Nikianza na "Je," msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba anaulizwa.

Aya yangu ikawa hivi:

"Meli ya Liemba. Zamani meli hii iliitwa Graf fon Getsen. Ilijengwa Ujerumani, katika mji wa Papenbugi. Mwaka ulikuwa elfu moja mia tisa kumi na tatu. Baadaye ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo elfu tano, ikaletwa Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani walisimamia kuiunda upya. Ilishushwa majini mwaka elfu moja mia tisa kumi na tano. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea. Mwaka uliofuata, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Ilikuwa tarehe ishirini na sita, mwezi wa saba, mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita. Miaka minane baadaye, Waingereza waliiibua. Ilirudi kazini kwa jina la Liemba, tarehe kumi na sita, mwezi wa tano, mwaka elfu moja mia tisa ishirini na saba."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mwalimu wa insha angeniambia sentensi ni fupi mno. Ila isikilize. Kabla ya kuitengeneza nikahakikisha hakuna tarakimu iliyojificha. Kwenye Linux amri ni moja tu, na kwenye programu ya kuandikia unaweza kutafuta tarakimu moja moja, kuanzia 0 hadi 9:

```
grep -n '[0-9]' liemba_masikio.txt
```

Ikirudi kimya, hakuna iliyobaki. Jina la faili nililiita hivyo makusudi. Ninalo `liemba_macho.txt` la kusomwa na `liemba_masikio.txt` la kusikilizwa, na silichanganyi moja na jingine.

Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa bibi. Alikuwa uani anachambua dagaa, nikamwekea redio pembeni bila kumwambia inahusu nini. Mimi nilikuwa nalijua andiko kwa moyo, kwa hiyo masikio yangu yalikuwa yanajaza yenyewe palipokosekana. Bibi hakuwa na cha kujazia. Ilipofika mwisho akasema, "Mjukuu wangu, huyo dada anasema vizuri. Lakini mbona Waingereza wameiibua ishirini na tatu? Mbele amesema kumi na tano wakaishusha, mwaka uliofuata wakaizamisha, halafu miaka saba baadaye..."

Nilikuwa nimeandika "miaka saba". Kumi na sita ukijumlisha saba ni ishirini na tatu, na meli iliibuliwa 1924. Kosa halikuwa la mashine, ni la mkono wangu, lililozaliwa nilipokuwa nageuza tarakimu kuwa maneno. Tangu siku hiyo sitoi faili kabla halijasikilizwa na watu wawili, mmoja bila karatasi, na mwingine akiwa na karatasi ya mwanzo mkononi akifuata kwa kidole.

Kuna ambalo sijalitatua. Kwa Waha, jina linabeba tuni, kupanda na kushuka kwa sauti, na sauti ya Kiswahili inayasawazisha yote kwa mkazo mmoja. Bibi alipolisikia jina la ukoo wake likisomwa alicheka, akasema hilo si lao. Sijui tahajia ya kulirekebisha, kwa sababu tatizo haliko kwenye herufi. Majina ya namna hiyo nayarekodi kwa mdomo wake na kuyaweka mwanzoni mwa faili, pamoja na ile orodha ya herufi.

Ile tisa niliifuta. Nilimweleza mwalimu wangu wa somo kilichotokea, nikapewa ruhusa ya kumuuliza upya kwa maswali mengine baada ya wiki moja ya kusikiliza faili jipya. Alipata kumi na saba. Zile tatu alizokosa zilikuwa zake mwenyewe, na alizikubali. Aliponirudishia kadi alisema, "Mwalimu, sasa nimesikia miaka. Ila kwenye somo la reli umeandika 'n.k.' mahali pamoja. Imesema 'nk', kama mtu anameza mate."

Nikaenda kuirekebisha.